Maneno Matatu Juu ya Kofia

Niliombwa kaulimbiu ya maneno matano kwa ajili ya shirika la kupanda miti, nikadhani ni kazi ya jioni moja. Ikanichukua karibu miezi mitatu, na mwishowe yakabaki matatu.

Shirika lenyewe ni dogo. Linakuza miche kwenye kitalu, linasubiri mvua zitulie ardhini, kisha linaipanda pembezoni mwa msitu ambao kila mwaka unarudi nyuma hatua kadhaa. Mwenyekiti wake ni mama mmoja asiyependa maneno mengi. Aliniita kwa sababu kazi yangu ni kuandika matangazo, akanipa agizo akiwa amesimama: "Nataka watu washtuke, lakini wasikate tamaa. Na itoshe kwenye kofia." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kaulimbiu ya kwanza niliipata usiku huohuo, na niliipenda mno: "Miti ikiisha, nasi tumekwisha." Ina mapigo, ina kitisho, na inakaa mdomoni vizuri. Kesho yake nikaanza kuwasomea watu. Nina jaribio langu la siku nyingi: namsomea mtu maneno, halafu namwambia, "Endelea." Simuulizi kama ameyapenda, maana ukimuuliza mtu hivyo atakujibu kwa adabu. Namwomba aseme sentensi inayofuata, ile inayomjia yenyewe. Hapo ndipo unajua maneno yako yamempeleka wapi.

Kwa ile ya kwanza, watu wanne kati ya sita walisema kitu kilekile kwa namna tofauti: "Ndiyo hivyo, tutafanyaje." Mmoja alisema, "Mungu atusaidie." Wa sita alibadilisha mazungumzo. Hakuna hata mmoja aliyetaja mche, jembe wala mchango. Nilikuwa nimewaandikia tanzia, nao wakanijibu kama watu walio matangani.

Jambo hili wanalijua wanaosoma mawasiliano. Mwaka 1992 mtafiti Kim Witte alieleza kwamba mtu akitishwa hupima mambo mawili: hatari ni kubwa kiasi gani, na je, kuna kitu anachoweza kukifanya kikasaidia. Hatari ikiwa kubwa na uwezo ukionekana mdogo, mtu haishughulikii hatari, anaishughulikia hofu yake. Anageuza uso, anafanya mzaha, anasema mambo yametiwa chumvi. Nilikuwa nimeyasoma haya zamani na nikayasahau mara tu nilipopata kina kizuri. Kina kizuri ni mlevya mwandishi.

Nikageukia upande wa pili. "Kesho ya kijani." "Mche leo, msitu kesho." Mwenyekiti aliisoma hii ya kwanza akaniuliza kama si tangazo la benki. Kweli, ingekaa vizuri juu ya mlango wa benki, na ingekaa pia kwenye chupa ya sabuni ya vyombo. Tumaini lisilo na jambo la kulihofia halina anwani. Niliposoma "Mche leo, msitu kesho" na kuomba watu waendelee, walisema "Amina" au "Vizuri sana", wakaniacha nimesimama na daftari langu.

Hiyo ya pili ilikuwa na kosa kubwa zaidi, na aliyenionyesha ni mzee anayetunza kitalu. Nilikuwa nimeenda kumsomea orodha nzima akiwa amechutama kwenye kivuli, anakata mizizi iliyotoboa chini ya viriba na kuingia ardhini. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kesho?" akasema. "Mwanangu, mche si mti, na miti si msitu. Huu ukifika kiunoni mwako nitashukuru. Msitu una vitu mia ambavyo mimi sivipandi. Nani alipanda ule uyoga? Nani alipanda wale mchwa?"

Alikuwa na haki. Shirika la kupanda miti linaweza kuahidi miti, tena kwa unyenyekevu, kwa sababu sehemu ya miche hufa kiangazi cha kwanza. Msitu uliokatwa unaweza kurudi, lakini unahitaji miongo mingi, mbegu zinazoletwa na ndege na popo, na udongo ambao haujachomwa na jua hadi ukafa. Kuuita msitu "wa kesho" ni kumwambia aliyeshika shoka kwamba kitu anachokikata kina kipuri dukani. Ndiyo maana ule usemi maarufu wa "kata mti, panda mti" haukuwahi kunikaa rohoni. Nia yake ni njema, lakini unalinganisha mti wa miaka 80 na kijiti chenye majani sita, kisha unatoa ruhusa.

Siku hiyohiyo nilimsomea ile niliyoamini ndiyo yenyewe. Nilikuwa nimeipima kwa vidole kama mtunga mashairi, mizani nane kwa nane: "Msitu haujaisha, mche haujachelewa." Nilitegemea angalau acheke kwa furaha. Akachukua kiriba kimoja kutoka safu ya nyuma, akakipasua kwa kisu mbele yangu. Ndani, mizizi ilikuwa imejizungusha ukutani mwa plastiki, raundi juu ya raundi, kama kamba ndani ya ndoo.

"Mche unachelewa sana," akasema. "Huu ulikosa mvua mbili. Ukiupanda hivi utasimama, utatoa majani, watu watapiga picha. Mizizi itaendelea kujisokota hivihivi mpaka ijinyonge yenyewe, au upepo uje uulaze. Usiandike kwamba mche hauchelewi."

Nikafuta nusu ya pili palepale, kwenye goti. Sikujua kwamba nusu iliyobaki ndiyo ingenisaidia baadaye.

Katikati ya safari nilipoteza wiki mbili kwa tarakimu. Nilijiambia kwamba kama maneno yananishinda, nambari haitanishinda. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hutoa tathmini ya misitu ya dunia kila baada ya miaka mitano. Ile ya 2020 ilisema kwamba kati ya 2015 na 2020 dunia ilikuwa ikifyeka hekta milioni 10 kila mwaka. Nikagawa kwa siku, kwa saa, kwa dakika, nikapata hekta 19. "Kila dakika, hekta 19." Inatisha, ni fupi, ina chanzo. Nani atabisha?

Alibisha mtaalamu wa misitu anayelisaidia shirika. Aliniuliza kama nilitaka ufyekaji peke yake au upungufu halisi. Maana tathmini ileile inaonyesha kwamba ukiondoa misitu iliyoota upya na iliyopandwa, eneo la misitu duniani lilipungua kwa hekta milioni 4.7 kwa mwaka kati ya 2010 na 2020. Nambari zote mbili ni za kweli, zinapima vitu viwili. Na hazibadilishani: hekta ya msitu wa asili iliyofyekwa haifutwi na hekta ya miti ya mbao iliyopandwa mistari mahali pengine, ingawa kwenye hesabu moja hupunguza nyingine. Hayo yote utayaeleza wapi juu ya kofia?

Kisha nambari zenyewe zikahama. Tathmini ya 2025 ilipotoka, ikiwa na takwimu zilizopitiwa upya, ufyekaji wa 2015 hadi 2025 ulitajwa kuwa hekta milioni 10.9 kwa mwaka. Kama tungekuwa tumepaka ile 19 ukutani, ingekuwa tayari ni ya kizamani, na sisi tungekuwa shirika la mazingira linalopotosha hesabu za mazingira. Nambari ina kazi kubwa kwenye barua ya mchango, kwenye taarifa ya mwaka, mdomoni mwa mtu anayehojiwa redioni. Kwenye kaulimbiu inazeeka vibaya.

Lakini zile wiki mbili hazikupotea bure, kwa sababu kwenye jedwali hilohilo niliona kitu ambacho sikukitafuta. Ile tathmini ya 2025 iliweka ufyekaji wa miaka ya tisini kwenye hekta milioni 17.6 kwa mwaka. Kutoka 17.6 hadi 10.9. Kasi imeshuka. Msitu bado unaisha, tena kwa ukubwa wa kutisha, ila unaisha polepole kuliko wakati ule, na huo upole haukuja wenyewe. Kuna watu, sheria na maamuzi nyuma yake. Nilikaa na lile jedwali muda mrefu. Mpaka hapo nilikuwa nimechukulia hofu na tumaini kama viungo viwili ambavyo ninatakiwa kuvichanganya kwa vipimo. Kumbe vilikuwa habari moja, na mimi ndiye niliyekuwa nimeikata katikati.

Kukata katikati huko kuna neno lake, nalo ni "lakini". Nilijaribu kila namna. "Misitu inatoweka, lakini tumaini lipo." "Muda ni mchache, lakini mikono ni mingi." Kila mara msikilizaji alibaki na upande mmoja tu, ule wa baada ya "lakini". Neno hilo hufuta lililotangulia. Ukimwambia mtu "umejitahidi, lakini umefeli", nani anakumbuka kujitahidi? Nikaligeuza: "Tumaini lipo, lakini misitu inatoweka." Tukarudi matangani.

Nilijaribu pia kuwasuta watu: "Wote tunakata, nani anapanda?" Hiyo niliitupa mwenyewe kabla ya kuisoma kwa mtu. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliwahi kufanya jaribio kwenye hifadhi ya Arizona yenye miti ya kale iliyogeuka mawe, ambako wageni huiba vipande. Kibao kilichosema wageni wengi wamekwishachukua vipande kiliongeza wizi, si kuupunguza, ukilinganisha na kilichoomba tu watu wasichukue. Ukimwambia mtu kwamba kila mtu anafanya, umemwambia kwamba ni jambo la kawaida. Kuomboleza kwamba wote tunakata ni tangazo la bure kwa ukataji.

Na kulikuwa na tatizo la "panda", ambalo nalitaja kwa sababu lilinichekesha wakati sikuwa na sababu nyingine ya kucheka. Nilikuwa na toleo lililoishia na "Panda mti." Mtoto wa jirani, wa miaka saba hivi, aliliona kwenye karatasi akauliza kwa dhati, "Nipande hadi juu kabisa?" Tunaandika neno hilo maelfu ya mara na hatulisikii. Nilijaribu "pandeni", ikawa amri ya mwalimu wa zamu. Nilijaribu "tupande", ambayo kila kampeni huipenda, na ndiyo niliyoiogopa zaidi: "tu-" inamhusu kila mtu, na kila mtu akihusika, mimi naweza kwenda zangu kulala.

Jibu lilinijia bafuni, na si kwa njia ya kishairi. Nilikuwa nakamua dawa ya meno. Mwenzangu akauliza kutoka chumbani, "Imeisha?" Nikamjibu, "Inaisha, haijaisha," huku naikunja ile tyubu kutoka mkiani kama unavyokunja mkeka. Nikasimama na mswaki mdomoni.

Tazama kinachotokea hapo. "Inaisha" ni habari mbaya, na ni ya sasa. "Haijaisha" si kinyume chake. Ile "-ja-" haisemi kwamba mambo ni mazuri. Inasema jambo linalotazamiwa halijafika bado. Ukisema "mgeni hajaja", umeshakiri kwamba anakuja. Ukisema "sijala", njaa iko ndani ya kitenzi. Kwa hiyo "haujaisha" imebeba kifo cha msitu na uhai wake katika pumzi moja, bila "lakini", bila kivumishi hata kimoja. Lugha ilikuwa nalo jibu muda wote, mimi nikahangaika na "kijani" na "kesho".

Na "kuisha" ni kitenzi cha nyumbani. Misitu "hutoweka" kwenye taarifa ya habari. Hakuna mtu anayesema dawa ya meno inatoweka. Vitu vinavyoisha ni vitu vyetu, tunavyovitumia na tunavyovijua kwa mkono uzito wake ukipungua. Kitu kikiwa kinaisha mwili unajua la kufanya: unapunguza matumizi, unaangalia kilichobaki, unatafuta kingine kabla hujafika chini.

Niliandika "Misitu inaisha. Haijaisha." Siku mbili baadaye nikaibadilisha kuwa umoja. Misitu mingi iko mbali, ni ya wizara na mikutano. Msitu mmoja kila mtu anao wake kichwani, hata kama ni kichaka cha utotoni. Basi ikawa: "Msitu unaisha. Haujaisha." Mizani saba, kisha tano. Nusu ya pili ni fupi kuliko ya kwanza, na huo ufupi ndio unaotia haraka.

Nikarudi kwa watu na jaribio langu la "endelea". Kwanza niliwasomea "Msitu haujaisha" peke yake, ile nusu niliyoinusuru kwenye goti kitaluni. Wakasema, "Ah, afadhali," na "Basi kuna muda." Hiyo ni hatari, "-ja-" ikisimama peke yake mtu anaweza kuiegemea kama mto. Ndipo nikasoma yote mawili. Mwanamke mmoja akanyamaza kidogo, akauliza, "Umebaki wapi?" Mwingine akauliza, "Kwani umebaki kiasi gani?" Kijana mmoja akasema, "Sasa?" kwa sauti ya kupandisha, kama mtu anayesubiri kupewa kitu cha kushika. Katika miezi yote ile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kuendelea kwa swali. Na kwa swali shirika lina jibu: hapa, kiasi hiki, na huu hapa mche wako.

Nilijaribu pia kugeuza mpangilio, kwa uaminifu wa kazi. "Haujaisha. Msitu unaisha." Maneno yaleyale, herufi zilezile. Msikilizaji wa kwanza akashusha pumzi akasema, "Basi tena." Neno la mwisho ndilo mtu anaondoka nalo mkononi, na hapa hakuna "lakini" ya kulaumiwa.

Mwenyekiti aliisoma mara moja, akahesabu maneno kwa kidole gumba. "Hujasema kupanda," akaniambia. Nikamwonyesha kwamba jina la shirika lina neno "miti" ndani yake, na mchoro wake ni mche kwenye viganja. Kaulimbiu hukaa chini ya jina. Haina haja ya kurudia kilichoandikwa juu yake. Alifikiri. Akasema, "Na hujaahidi kitu." Nikamwambia hilo ndilo lililomfurahisha mzee wa kitalu. Akatia saini.

Fundi wa kudarizi alitaka herufi zisipungue nusu sentimita, kwa sababu zikiwa ndogo zaidi nyuzi hujaza matundu na "a" inakuwa doa. Mstari wa juu, mstari wa chini. Nilimwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikapiga mistari, nikamkabidhi. Kofia 60.

Zilipokuja, kumi na mbili za juu kwenye boksi zilikuwa zimegeuzwa: HAUJAISHA juu, MSITU UNAISHA chini. Fundi aliapa kwamba alisoma karatasi kutoka chini kwenda juu kwa bahati mbaya, akazirudia kwa gharama yake, na zile mbovu zikabaki kitaluni kwa ajili ya wanaomwagilia. Nyingi zimeshapauka. Mzee anayo moja, pamoja na moja iliyo sahihi, na zote mbili huzitundika kwenye msumari wa mlango wa stoo. Msimu uliopita walipanda miche 400 pembeni ya msitu, na mvua zilipokatika alinialika twende kuhesabu. Tulitembea safu kwa safu, yeye akiinama na kukwaruza gome kwa ukucha kuona kama chini yake kuna kijani, mimi nikiandika. Iliyo hai ilikuwa 263. Asubuhi ile, kabla hatujatoka, niliona amesita mbele ya msumari. Alichukua ile iliyogeuzwa. Tuliporudi mchana aliivua, akaitundika, akavaa nyingine, na kwenda kuangalia mbegu alizoziloweka tangu jana yake.